Heshima Haikai Kwenye Aya Ndefu

Kuna watu wanaoamini kwamba baruapepe ya Kifaransa ikiandikwa kwa aya fupi, basi aliyeiandika hana adabu. Eti Kifaransa ni lugha ya mabalozi, kwa hiyo barua ijae mpaka ukingoni kama gunia la mkaa. Mimi nakula kwa kuandika barua hizo hapa Hola. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, lakini Kifaransa nilichokianza huko kikabaki mkononi. Na nasema wazi: hiyo siyo adabu, ni kumbebesha msomaji kazi yako.

Tuchukue kisa kimoja. Mama mmoja hapa mjini ana vyumba vya kukodisha. Wageni wake wengine ni watafiti wanaokuja kuangalia nyani na mbega wa Mto Tana, katika ile hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili yao, kati ya Hola na Garsen. Mgeni mmoja, mwanamke Mfaransa, alikuwa ameshalipa malipo ya awali. Kisha mvua ikapiga na mto ukafurika. Waliokuwa huku Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, hawahitaji kuelezwa maji ya Tana yanaifanyia nini barabara. Mama akaenda saiba, akaandikiwa barua. Siku tatu, kimya. Ndipo akaniletea simu yake: "Mwanangu, hebu nisomee, huyu mzungu amekasirika ama?"

Hakukasirika. Hakuwa ameiona habari yenyewe. Barua ilikuwa aya moja ya maneno kama 120. Kwenye kompyuta ya saiba hiyo ni mistari minane hivi, inapendeza. Kwenye simu, ambapo mstari hubeba herufi 40 hivi, ni karibu mistari 20 bila pengo hata moja. Ilianza na salamu, ikasema ina heshima ya kumjia kwa barua hii, ikamtakia afya na familia yake, ikasifu utafiti wake. Habari kwamba barabara imekatika ilikuwa katikati, ndani ya sentensi iliyoanza na neno la "kwa kuwa". Swali la pesa lilikuwa mwisho, limegandana na maneno ya kuaga.

Sasa fikiria msomaji. Yuko kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mkono mmoja una begi, kidole gumba kinasukuma skrini. Kabla hata ya kuifungua barua, simu humwonyesha jina la mtumaji, kichwa cha habari na maneno machache ya mwanzo. Kama maneno hayo yote ni ya heshima, hana sababu ya kuifungua saa hiyo. Akiifungua, jicho lake linatafuta mahali pa kushika: mwanzo wa aya, tarakimu, alama ya kuuliza. Ukuta wa mistari 20 hauna pa kushika.

Niliiandika upya hivi:

```
Objet : Route coupée, nouvelle date ?

Bonjour Madame,

La route Garsen–Hola est coupée par l'eau.
Je vous prie de ne pas partir lundi.

Deux possibilités :
1. Venir après la réouverture.
2. Annuler : je rends les 6 000 KES.

Préférez-vous 1 ou 2 ?
Pourriez-vous répondre avant vendredi ?

Bien cordialement,
```

Ona mpangilio. Kichwa kinataja jambo na kuuliza swali. Salamu ipo, peke yake kwenye mstari wake, kwa sababu Mfaransa ukimrukia bila salamu kweli utamkosea. Aya ya kwanza ni habari na onyo, basi. Machaguo mawili yana namba, ili ajibu kwa tarakimu moja akiwa bado kwenye foleni. Ombi limetengwa, lina siku. Alijibu jioni ile ile: namba 1.

Na adabu iko wapi? Ipo kwenye salamu, kwenye "nakuomba" badala ya amri, kwenye kitenzi cha "ungeweza", kwenye kuaga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji aya ndefu. Zile sentensi za kuaga za maneno kumi na zaidi zina mahali pake: barua rasmi kwa ubalozi au wizara. Hiyo iandike kamili, iambatishe kama faili, na baruapepe yenyewe iseme kwa mistari mitatu kilichomo ndani.

Lakini upande wangu pia una watu wa kuharibu. Wameshasikia "mistari mifupi", basi wanabonyeza Enter kila wanapofika ukingo wa skrini ya kompyuta. Hilo ni kosa baya kuliko ukuta. Mstari wa herufi 72 ulioukata mwenyewe ukifika kwenye simu ya herufi 40, unavunjika mara mbili: 40, halafu 32, halafu unaanza mwingine. Mstari mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, kama ngazi iliyong'olewa vidato. Simu inajua kukunja mistari yenyewe, iachie. Wewe bonyeza Enter pale wazo linapoisha tu: mara moja kati ya vitu vya orodha, mara mbili kati ya aya ili pengo lionekane. Kisha jitumie barua hiyo uisome kwenye simu yako kabla ya kumtumia mwenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Kifaransa hasa, na walimu wa saiba hawaujui. Kifaransa huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta mbili na nukta mkato, na huacha nafasi ndani ya namba kubwa. Ukiweka nafasi ya kawaida, simu itaiona kama ruhusa ya kukata mstari hapo. Matokeo yake ni alama ya kuuliza imekaa peke yake mwanzo wa mstari kama mtoto aliyeachwa steji, au 6 ikabaki juu na 000 ikashuka chini. Kwenye barua ya pesa hilo si pambo. Dawa ni nafasi isiyokatika: kwenye Windows shikilia Alt huku ukiandika 0160 kwa tarakimu za pembeni, kwenye Mac ni Option na kitufe cha nafasi.

Mwisho, msikate kila sentensi iwe aya. Kifaransa hufunga mawazo kwa viungo vya "kwa hiyo", "hata hivyo", "kwa upande mwingine". Ukitenganisha sababu na matokeo yake kwa pengo, msomaji anabaki na amri tupu, na hapo ndipo utaonekana huna adabu kweli. Mimi huruhusu sentensi mbili au tatu kwa aya, zikiwa za jambo moja. Jambo likibadilika, pengo.

Anayetaka kuendelea kujaza gunia, ajaze. Ila yule mama alikuwa anasubiri jibu kuhusu shilingi 6,000, na mgeni wake alikuwa anakaribia kupanda basi la kuja kwenye maji.