Fremu Hiyo Isihamishwe Kwanza

Mfugaji wa nyuki wa Kerege, Kiromo, Kaole au Mlingotini: ukiona majana yenye vifuniko vilivyobonyea, usiitoe fremu hiyo mzingani kumpelekea mwenzio, wala usiruhusu mwenzio akuletee yake. Ijaribu kwanza kwa kijiti. Ni kazi ya dakika moja.

Hofu yetu ni ugonjwa wa kuoza majana, ule unaoitwa wa Kimarekani. Mwaka 2009 uligunduliwa katika mizinga ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, kwa hiyo bara letu halina kinga nao. Mbegu za bakteria wake hukaa ndani ya nta, asali na mbao zaidi ya miaka 35 zikiwa hai. Sasa fikiria desturi yetu ya pwani: nyuki wakihama, tunasema njaa au sisimizi, kisha tunachukua kipande cha sega kuukuu kiwe chambo cha kundi jipya katika mzinga mwingine. Kama kundi la kwanza lilihama kwa ugonjwa, tumeukaribisha wenyewe.

Tuseme jioni hii umetumiwa picha ya fremu ya Langstroth. Anza kwa kuuliza ilipigwaje. Wengi wetu tunafungua mizinga gizani, kwa sababu nyuki wa pwani ni wakali, na mwanga wa simu huifanya asali na majana vyote ving'ae. Mwambie apige jua likiwa limeinama, mgongo wake ukiwa upande wa jua, nyuki wapukutishwe, na simu ielekezwe kutoka upande wa mti wa juu wa fremu ili sakafu ya vijumba ionekane. Aitume kama faili, kwa maana picha iliyobanwa hupoteza yale madogo unayoyatafuta.

Kisha angalia mahali kabla ya rangi. Asali hukaa juu na pembeni, chini yake hufuata ukanda wa chavua, halafu majana katikati. Vifuniko vya asali vikigusana na asali huonekana vyeusi na vimelowa, na watu wengi hupiga kelele bure kwa ajili hiyo. Vifuniko vya majana mazima ni vikavu, rangi ya biskuti, vimetuna kidogo. Jana zima ambalo halijafunikwa ni jeupe, linang'aa, limejikunja sakafuni. Tundu pia lisikutishe peke yake: likiwa la mviringo safi katikati ya kifuniko, huenda nyuki bado wanakifunika.

Linalotisha ni hili: katikati ya majana kuna vifuniko vyeusi vya mafutamafuta, vimezama, vingine vimetobolewa tundu lenye kingo zilizochanika, na vijumba vitupu vimetapakaa kati yake. Hapo picha imefika mwisho wa uwezo wake. Mwenye mzinga achukue kijiti cha kiberiti, akizamishe katika kijumba kimoja cha namna hiyo, akoroge, akivute polepole. Ukitoka uzi wa kahawia unaonyumbuka kiasi cha sentimita mbili au zaidi, chukulia kwamba ni ugonjwa huo wa Kimarekani. Ukiwa wa siku nyingi, huacha gamba jeusi lililoganda ukutani upande wa chini, lisilobanduka.

Uzi usipotoka, fikiria mengine. Majana ya manjano yaliyojipinda kabla ya kufunikwa huelekea ugonjwa wa kuoza wa Kizungu. Njia za utando wa buibui zinazopita ndani ya sega ni za nondo wa nta. Hayo hayakupi ruhusa ya kugawa fremu, ila hofu yake si ile ile.

Uzi ukitoka, bana mlango wa mzinga ubaki mwembamba ili nyuki wa jirani wasije kupora asali. Usiache fremu wala ndoo ya asali chini ya mkorosho. Wakishaipora wataubeba ugonjwa hadi mizinga yao. Kisu na glavu za mzinga huo zisiguse mwingine. Mwite afisa nyuki wa wilaya, na mkate kipande cha sega la majana cha sentimita kumi kwa kumi, kisicho na asali, mkifunge kwa karatasi kwa ajili ya maabara. Msitumie mfuko wa nailoni, kipande kitaota ukungu. Kuchoma na kufukia mzinga ni uamuzi unaofuata majibu, na hufanyika usiku nyuki wote wakiwa ndani.

Na ile oksitetrasaiklini ya kuku iliyoko duka la pembejeo, iache huko huko. Huzificha dalili, mbegu zinabaki, na mabaki yake huingia kwenye asali unayotaka kuuza. Mzinga unaoonekana kupona namna hiyo ndio ambao mwenye nao huugawa bila wasiwasi.