Sufuria ya shule isiwe ya hiari

Hoja ninayoitetea ni hii: Serikali ya Uganda itoe mlo mmoja wa mchana, bila malipo, kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali. Nitaitetea kama inavyotetewa katika mdahalo, yaani nianze na maana ya maneno, niweke hoja, kisha nijibu pingamizi mbili ambazo najua zitaletwa. Nawaandikia ninyi mnaofanya biashara kati ya Arua, Koboko, Ariwara na Kaya kwa sababu hesabu yake ni hesabu ya gunia, na gunia mnalijua kuliko wabunge.

Kwanza neno "bure". Hakuna chakula kisicho na mlipaji. Ninaposema bure nina maana kwamba mtoto haulizwi kitu anapofika kwenye sufuria, na mzazi haulizwi kitu muhula unapofunguliwa. Chakula kinalipiwa na kodi, pamoja na ile mnayoiacha Vurra na Oraba kila mzigo unapovuka.

Sasa tuangalie tulipo. Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaja ikagawa majukumu: serikali ina walimu na vifaa vya kufundishia, mzazi ana chakula, mavazi na matibabu ya mtoto wake. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mchango wa mzazi shuleni ni wa hiari, na mtoto asifukuzwe kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Ukisoma vifungu hivyo kimoja kimoja, kila kimoja kina busara yake. Ukivisoma pamoja unapata sufuria ya hiari.

Sufuria ya hiari hufanya kazi hivi. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wanaita wazazi na kuomba kilo kadhaa za mahindi, kilo kadhaa za maharage, na fedha kidogo za kusaga na kuni. Baadhi wanaleta, baadhi hawaleti. Kwa kuwa chakula hakitoshi wote, mpishi anapewa orodha ya waliochangia. Saa saba kengele inalia, walio kwenye orodha wanapanga mstari na sahani zao, na wengine wanakwenda chini ya mwembe au wanashika njia ya nyumbani. Wengi wa wale walioshika njia hawarudi kwa vipindi vya alasiri. Kwa hiyo mchango ambao sheria inauita wa hiari unakuwa wa lazima mbele ya sufuria, na anayetozwa ni mtoto wa miaka minane.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vipindi hivyo vya alasiri vimeshalipiwa. Mwalimu analipwa mshahara wa siku nzima, darasa limejengwa, chaki imenunuliwa. Taifa linagharimia alasiri nzima, kisha linashindwa kumfikisha mtoto kwenye alasiri hiyo kwa kukosa kipimo cha posho. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba chakula shuleni huongeza mahudhurio. Kuhusu alama za mitihani matokeo hutofautiana, na sitadai kwamba sufuria peke yake itamfundisha mtoto hesabu. Lakini mtoto asiyekuwepo hafundishwi kabisa.

Mfanyabiashara mdogo anaumia kwa namna yake. Mama anayeuza vitenge au samaki wakavu ana fedha, ila zimelala ndani ya mzigo. Shule hudai mchango wote mara moja, mwanzo wa muhula. Muhula wa pili ndio mbaya zaidi, kwa sababu unafunguliwa mwishoni mwa Mei, mavuno ya kwanza huku kwetu hayajafika sokoni, na bei ya mahindi iko juu. Akichomoa mtaji alipie watoto watatu, safari inayofuata ya Ariwara inakuwa na mzigo mdogo. Asipochomoa, watoto watatu wanakaa chini ya mwembe.

Pingamizi la kwanza litakuja na sura mbili: kulisha mtoto ni kazi ya mzazi, na hata kama isingekuwa hivyo, serikali haina fedha. Tufanye hesabu bila kuogopa. Kipimo kinachotumika sana katika programu za chakula shuleni Afrika Mashariki ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto, gramu 40 za maharage, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Nachukua bei za kukisia, wewe weka zako za leo: unga wa mahindi shilingi 2,000 kwa kilo, maharage 4,000, mafuta 8,000. Unga unakuwa shilingi 300, maharage 160, mafuta 40. Ongeza shilingi 100 za chumvi, kuni na mpishi. Jumla ni shilingi 600 kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 180 za masomo hiyo ni shilingi 108,000 kwa mwaka.

Sitaificha namba hiyo. Ruzuku ambayo serikali huitumia shule kwa kila mwanafunzi wa msingi ni kama shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa hiyo mlo kamili unaizidi zaidi ya mara tano. Anayesema "ni ghali" ana haki. Ila gharama haikwepeki kwa kumtupia mzazi. Mtoto yuleyule lazima ale, na mzazi anayenunua kilo mbilimbili kwa rejareja analipa zaidi ya shule inayonunua magunia. Pia tunaweza kuanza na uji. Gramu 60 za unga, gramu 10 za sukari na kuni, kwa bei hizohizo za kukisia, ni kama shilingi 200 kwa siku, sawa na 36,000 kwa mwaka. Hiyo ni theluthi ya gharama ya mlo kamili. Uji wa saa nne kwa madarasa ya chini, ambako watoto huacha shule kirahisi, ni mwanzo ambao bajeti inaweza kuubeba wakati mlo kamili unajengwa hatua kwa hatua.

Wala Uganda haianzi kutoka sifuri. Karamoja watoto wamekula shuleni kwa miaka mingi, kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kenya ilianzisha mwaka 2009 programu ya kununua chakula cha shule kwa wakulima na wauzaji wa karibu, na mwaka 2018 shirika hilo lilimaliza kuikabidhi kazi hiyo serikali ya Kenya. Rwanda tangu 2021 imepanua chakula cha shule kwa ngazi zote za elimu ya msingi, na huko wazazi bado wanachangia kiasi kidogo. Hizi ni jirani zetu katika Jumuiya, na hakuna hata moja kati yao inayoogelea katika fedha.

Pingamizi la pili ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka sokoni: chakula kitaibwa. Mtasema mmeshaona mafuta na unga wa msaada ukiuzwa kwenye vibanda vyenu, na ni kweli mmeuona. Jibu langu ni kwamba wizi wa chakula cha shule hugunduliwa kwa hesabu ambayo hata mzazi asiyesoma sana anaweza kuifuata, mradi hesabu iwe hadharani.

Chukua shule ya watoto 600. Gramu 150 mara 600 ni kilo 90 za unga kwa siku, pungufu ya gunia moja la kilo 100. Maharage ni kilo 24. Mafuta ni kilo 3. Siku ambayo rejista za madarasa zinaonyesha watoto 430, unga uliotoka stoo usizidi kilo 65. Kitabu cha stoo kikiandika kilo 90 kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, siku ya soko na siku isiyo ya soko, hapo kuna mtu anakula peke yake. Mahudhurio ya shule zetu hayakai sawa hata wiki moja, kwa hiyo namba isiyobadilika ndiyo ishara ya kwanza. Bandika ubaoni kila jioni mistari miwili, watoto waliokula na kilo zilizopikwa, kwa Kilugbara Arua na kwa Kikakwa Koboko, na uone kama mwizi atapata nafasi.

Njia ya pili ya kuziba wizi ni kutoleta shehena kutoka Kampala. Chakula cha muhula mzima kikilala stoo moja kinavutia mwizi, panya na fukusi. Shule ikinunua kwa wiki, kwa muuzaji wa Arua au Koboko, stoo inakuwa na magunia kama sita tu. Hapa ndipo biashara yenu inapoingia. Shule hiyo moja ya watoto 600 inahitaji kwa mwaka kilo 16,200 za unga, sawa na magunia 162, na zaidi ya magunia 43 ya maharage. Ni mteja ambaye hahami, na anayenunua hata mpaka wa Oraba unapofungwa kwa sababu ya vita vya jirani.

Mteja huyo ana masharti. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa sababu yakiwa mabichi yanaota ukungu wenye sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Hiyohiyo ndiyo iliyofanya Kenya isimamishe mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021, na wengi wenu mlipata hasara. Shule isiyo na kipimo inaweza kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, ikatikisa, ikaacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mzigo urudishwe. Muuzaji asikasirike.

Na ninyi pia muwe na sharti lenu: kulipwa mapema. Ununuzi wa karibu huharibika fedha za serikali zinapochelewa, kwa maana muuzaji mdogo hawezi kukopesha shule muhula mzima. Anajitoa, zabuni inamwendea tajiri mmoja wa mbali, na tunarudi kwenye shehena na stoo kubwa. Fedha za chakula zifike kwenye akaunti ya shule kabla ya muhula kufunguliwa, au programu isianze.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, lakini mikutano ya bajeti ya wilaya na majiji hufanyika miezi mingi kabla, kwa kawaida Oktoba na Novemba. Wauzaji wa nafaka wa Arua na Koboko waingie humo na karatasi moja: bei yao ya gunia kwa kila muhula, idadi ya magunia wanayoweza kufikisha shuleni kwa wiki, na siku ambazo wanaweza kusubiri malipo.