Miezi ya Hija Haihesabiwi Hadi Arafa

Kila mwaka mahujaji wakiagwa, kuna watu miongoni mwetu wanaobaki nyumbani na pesa zao mkononi. Si wavivu, wala nia yao haikuwa dhaifu. Waliweka mwezi baada ya mwezi, wakajinyima, na mwisho wakaambiwa na kikundi cha hija kwamba wamechelewa au wamepungukiwa. Nami nasema wazi: wengi wao hawakushindwa na umaskini, walishindwa na hesabu. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule ya msingi. Chukua gharama yote, toa ulichokwisha kuweka, kilichobaki kigawanye kwa miezi iliyosalia. Lakini tarakimu zote tatu huwa tunajidanganya nazo, na uongo mdogo katika kila moja ukijumlishwa huwa mkubwa wa kumkosesha mtu safari.

Tumchukue, kwa mfano, mama anayeuza leso mtaa wa Biashara, Mombasa. Ni mwanzo wa Juni 2026 na ametia nia ya hija ya mwaka 2028. Ameuliza vikundi viwili. Cha kwanza kimemtajia shilingi 680,000, cha pili 720,000. Akachagua cha kwanza, kwani kina nafuu ya 40,000. Anasema ana akiba ya 260,000. Arafa ya 2028 inatazamiwa mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo amehesabu miezi 23. Akatoa, akagawanya, akapata shilingi 18,260 kwa mwezi. Akamshukuru Mungu, kwani fedha hiyo anaiweza.

Hebu tuipitie hesabu yake polepole.

Tuanze na bei. Bei ya kikundi ni ahadi ya vitu fulani, na mtu hawezi kulinganisha ahadi mbili mpaka ajue kila moja ina nini ndani yake. Mama huyu arudi kwa wakala na karatasi na aulize: Tikiti inaanzia Mombasa au Nairobi? Hoteli ya Makka iko karibu na Haram au iko Aziziya, na ikiwa Aziziya, siku zile barabara zinapofungwa na mabasi kusimama, nitafikaje Haram? Chakula cha Mina na Arafa kimo? Mnyama wa hadyi yumo? Swali hili la mwisho husahauliwa sana, ilhali wengi wetu huhiji kwa tamattu, na mwenye tamattu anawajibika kuchinja. Akiuliza hivyo atagundua kwamba kile kikundi cha 680,000 hakina tikiti ya Mombasa hadi Nairobi, tuseme 20,000 kwenda na kurudi, wala hakina hadyi, tuseme 25,000. Sasa kimefika 725,000. Cha pili kilikuwa na vyote viwili ndani. Kile alichokiona ghali ndicho chenye nafuu.

Juu ya 720,000 hizo kuna gharama ambazo hakuna wakala atakayemtajia, kwa kuwa si zake. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti, na cheti chake kiwe kimetolewa siku kumi au zaidi kabla ya kuingia Saudia. Anayetoka Kenya hudaiwa pia cheti cha homa ya manjano. Tuweke 10,000 kwa hayo na vitu vidogo vya safari. Pesa za mkononi za wiki tano, 40,000. Kisha kuna masurufu ya nyumba. Sheria haimwiti mtu kwenye hija na huku anaowalisha wanalala njaa. Uwezo wa hija huhesabiwa baada ya kulipa madeni na kuwaachia watu wako chakula. Tuweke 30,000. Jumla imekuwa 800,000. Na kwa kuwa bei ya leo si bei ya 2028, aongeze asilimia kumi ya bei ya kikundi, yaani 72,000. Gharama ya kweli ni 872,000.

Tarakimu ya pili ni akiba. Anasema ana 260,000, nasi tumuulize ziko wapi. Anajibu kwamba 140,000 ziko benki, 60,000 ni za chama chake, zamu yake inafika mwezi wa nane, na 60,000 nyingine alimkopesha kaka yake aliyekuwa akiezeka nyumba. Kaka ni mtu mwema, na chama ni cha watu waaminifu. Hata hivyo iliyopo ni 140,000. Ile ya chama ataiandika siku atakayoishika, kwani mpaka zamu yake ipite yuko baina ya kudai na kudaiwa. Ile ya kaka asiiandike kabisa, ikirudi iwe ni baraka. Katika makosa yote ya hesabu hii, hili ndilo lenye kuuma zaidi, kwa sababu huvunja na udugu pia: msimu ukikaribia, aliyekopesha hudai kwa ukali pesa ambayo hakupata kuidai kwa miaka miwili.

Tarakimu ya tatu, miezi, ndiyo hasa iliyonifanya niandike makala hii. Miezi haihesabiwi hadi siku ya Arafa. Inahesabiwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Siku hizi mikataba ya mahema ya Mina, nyumba na usafiri hufungwa kwa mitambo ya serikali ya Saudia, na pesa zake hutakiwa miezi kadhaa kabla ya Dhulhija. Yaliyowapata Wapakistani mwaka 2025 yatutoshe kuwa funzo. Makumi ya maelfu ya mahujaji waliojiandikisha kwa makampuni binafsi walikosa hija, kwa kuwa mikataba na malipo hayakukamilika kabla ya tarehe iliyowekwa mwezi wa Februari, ilhali hija ilikuwa Juni. Wengi wao walikuwa wamekwisha kulipa.

Basi ikiwa Saudia inafunga milango kiasi cha miezi minne kabla, wakala wako naye anahitaji muda wa kukusanya, kubadilisha na kutuma. Kwa hija ya Mei 2028, mama yetu ajiwekee mwisho wa Novemba 2027. Kuanzia Juni 2026 hadi hapo ni miezi 18. Ile mitano aliyoihesabu ya Desemba hadi Aprili haimo mkononi mwake.

Sasa tugawanye. Gharama 872,000, toa akiba 140,000, zinabaki 732,000. Gawanya kwa 18: ni shilingi 40,667 kwa mwezi. Yeye alikuwa amepanga 18,260. Angeendelea na mpango wake, kufikia Novemba 2027 angekuwa ameongeza 328,680 tu, na kwa zile 140,000 angekuwa na 468,680. Ni zaidi kidogo ya nusu ya gharama, lakini si safari.

Huenda akasema, shilingi 40,667 siziwezi. Kusema hivyo mapema si aibu, na ndiyo faida kubwa ya hesabu ya kweli. Ajiulize anaweza ngapi bila kuingia deni. Tuseme 26,000. Basi nia aihamishie hija ya 2029. Hapa pana jambo moja la kuangaliwa: mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo hija inarudi nyuma kila mwaka, na tarehe ya malipo nayo inarudi. Arafa ya 2029 inatazamiwa kuelekea mwisho wa Aprili. Asihesabu miezi kumi na miwili mizima ya ziada, aweke kumi na mmoja: mwisho uwe Oktoba 2028, jumla miezi 29. Kiasi cha mwezi ni 25,241. Anaweza.

Lakini asiiandike hesabu hiyo mara moja kisha akaifungia kabatini. Kila miezi mitatu aulize bei upya na agawanye upya, na sababu kubwa ni dola. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo anayeweka shilingi anafukuzana na dola hata kama wakala anamtajia bei ya shilingi. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa kiasi cha shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Safari ya dola 5,500 iliyokuwa 676,500 ikawa 880,000, kwa watu wale wale na hema lile lile. Miezi michache baadaye ikarudi karibu na 129. Ile asilimia kumi tuliyoiongeza isingetosha kuziba pengo la Januari ile. Mwenye akiba ya kutosha na afungue akaunti ya dola, anunue kidogo kidogo kila mwezi, ili asije akalazimika kununua zote katika mwezi mmoja mbaya.

Tena akumbuke zaka. Pesa ya hija iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria ina zaka ya asilimia mbili na nusu, hata kama imetengwa kwa ibada. Ikiwa ameshika 400,000, zaka yake ni 10,000. Masheikh hutofautiana kama kipimo kiwe cha dhahabu au cha fedha, na tofauti ya viwili hivyo ni kubwa, basi amuulize sheikh wake mapema, na kiasi hicho akiingize katika gharama kama tulivyoingiza chanjo.

Na pesa zikae wapi? Zikae katika akaunti isiyo na riba, kwa jina lake mwenyewe, mbali na ile anayonunulia mizigo ya duka. Atakapoanza kulipa kikundi, alipe kwenye akaunti ya kikundi na si kwenye simu ya mtu, adai stakabadhi yenye jina lake na mwaka wa hija, na apewe kwa maandishi masharti ya kurudishiwa iwapo viza itakosekana, ataugua au kikundi kitanyimwa nafasi. Wakala anayechukia kuandika hayo asipewe hata amana ya kwanza.

Stakabadhi hizo na daftari la hesabu mwanawe mkubwa azijue zilipo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyekuwa na uwezo wa hija akafa kabla ya kuhiji, hijiwa kwa mali yake kabla mirathi haijagawanywa. Warithi hawawezi kulitimiza hilo kwa akaunti wasiyoijua, wala kumdai wakala ambaye hawana karatasi yake.