“Étendre le volume” imezimika: tusikimbilie kufuta D

Wiki hii naongea na wale wenye kutunza ordinatere za watu wengi: sekretaria za mtaani, ofisi za vikundi, masomo, na jamaa waliokimbia vita ambao picha za karatasi zao zimebaki ndani ya mashine moja tu. Mtu aliyepoteza kadi ya mpiga kura njiani, au buletini za watoto, mara nyingi amebaki na ile picha tu. Ikifutika, hakuna pa kuitafuta tena.

Hapa Goma niliona jambo hili kwa macho yangu, kwenye sekretaria moja. Mashine yao ina disiki ya giga 500, ambayo Windows inaihesabu kuwa giga 465 hivi. Disiki imegawanywa sehemu mbili kubwa. C, yenye Windows, ina giga 100. D, yenye kazi za wateja, ina giga 365. C ilikuwa imejaa, zimebaki giga 3 tu, na mashine ilikuwa inakokota. Kijana wao akawaza vizuri: D ina nafasi nyingi, basi tuipunguze, tuongezee C. Akafungua ukurasa wa disiki kwa kuandika amri hii kwenye dirisha la Windows na R:

```
diskmgmt.msc
```

Akapunguza D kwa giga 150. Ikatokea sehemu yenye mstari mweusi, imeandikwa “Non alloué”. Akarudi kwenye C, akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na neno “Étendre le volume” likawa la kijivu, halibonyezeki. Kwenye mashine za Kiingereza linaandikwa “Extend Volume”, na linazimika vilevile. Fundi aliyeitwa akasema disiki imeharibika, inafaa kufuta yote na kuweka Windows upya.

Mimi nasema hapana. Disiki ilikuwa nzima. Shida ilikuwa ya ujirani.

Fikiria viwanja vitatu kwenye avenyu moja. Cha kwanza ni C, cha pili ni D, cha tatu ni kile kitupu. Ukipunguza D, Windows inakata upande wake wa mwisho, si upande unaogusa C. Kwa hiyo ile giga 150 imekaa nyuma ya D. Na ukurasa huu wa Windows unakubali kupanua sehemu kwa sharti moja: nafasi tupu iwe kwenye disiki ileile na iguse sehemu hiyo moja kwa moja upande wa kulia. C haiwezi kuruka ukuta wa D. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya D: utaona “Étendre le volume” imewaka, kwa sababu D ndiyo inayopakana na nafasi hiyo. Kama imewaka kwa D na imezimika kwa C, umeshajua ugonjwa.

Sasa dawa. Ya kwanza ndiyo ninayoitetea zaidi, kwa sababu haifuti kitu. Jiulize: je, C inahitaji kweli kuwa kubwa, au imejazwa na vitu visivyo na lazima ya kukaa humo? Kwenye mashine ile, folda ya picha peke yake ilikuwa na giga 60, zote ndani ya C. Tukairudishia D nafasi yake kwa “Étendre le volume”, ikawa tena giga 365. Kisha tukatengeneza folda ndani ya D, tukaiita Images. Tukarudi kwenye folda ya Images ya C, kitufe cha kulia, “Propriétés”, halafu “Emplacement”, halafu “Déplacer”, tukaonyesha ile folda mpya na kukubali faili zote zihamie. Tangu hapo picha wanazohifadhi kwenye Images zinaenda D zenyewe, na C ikapata giga 63 za kupumua. Angalia jambo moja: usichague D yenyewe tupu, chagua folda iliyo ndani ya D. Ukichagua D nzima, Windows itaichukua D yote kuwa ndiyo folda ya picha, na kuirudisha kama zamani kunasumbua.

Dawa ya pili ni ya yule ambaye C yake imejazwa na Windows na programu zenyewe, vitu visivyohamishika hivyo. Huyo lazima aondoe ukuta. Achukue disiki ya nje, anakili kila kitu cha D. Kwenye mashine yetu ilikuwa giga 90. Kabla ya kufuta, alinganishe hesabu ya faili na ukubwa pande zote mbili, na afungue picha na karatasi kadhaa kutoka disiki ya nje aone kama zinasomeka. Aulize pia kama kuna programu iliyowekwa ndani ya D, maana hiyo itaacha kufanya kazi. Ndipo abonyeze “Supprimer le volume” juu ya D. Sasa nafasi yote tupu inagusa C, na “Étendre le volume” itawaka. Dirisha linahesabu kwa mega, kwa hiyo ukitaka kuongeza giga 100 unaandika 102400. C inakuwa giga 200, na giga 265 zinazobaki unazifanya D mpya, kisha unarudisha faili.

Kwenye mashine za zamani, ukifuta D unaweza kuona nafasi yenye rangi ya kijani badala ya nyeusi, na neno bado limezimika. Maana yake ile D ilikuwa ndani ya zizi kubwa zaidi. Futa na zizi hilo, baada ya kuona kwamba hakuna sehemu nyingine ndani yake, mpaka mstari uwe mweusi.

Kuna dawa ya tatu, programu za kusukuma D kwenda kulia bila kuifuta. Zinafanya kazi, lakini zinahamisha data zote za D kipande kwa kipande, pengine kwa masaa. Hapa kwetu, ambapo umeme unakatika bila kuaga, mashine isiyo na betri nzuri ikizimika katikati, D inaweza isisomeke tena. Ukizitumia, bado nakili kwanza. Na kama umeshanakili, dawa ya pili inatosha.

Na kuna jambo lingine la kuogopa. Mara nyingine kinachokaa kati ya C na nafasi tupu si D bali sehemu ndogo ya kuponyea Windows, isiyo na herufi. Mafundi wengi wanaifuta ili ukuta uondoke. Siku Windows ikikataa kuwaka, utaitafuta. Bora uhamishe folda, uiache mahali pake.

Ombi langu kwa wenye mashine: fundi akisema “tufute yote”, mwambie akuonyeshe kwanza ule mstari mweusi uko upande gani, na nani anapakana nao. Akishindwa kukuonyesha, usimwachie mashine. Picha zilizo ndani ni za watu, na wengi wao hawana nakala nyingine.