Apumzike kwa Armani

Stockholm baridi bado inatubana, na leo nina habari ya msiba iliyonichekesha. Mnisamehe mapema.

Mwezi uliopita tulifiwa na mzee wetu kule Tanga. Nilikuwa ndani ya treni kutoka Kista, glavu nimevua mkono mmoja, nikaandika kwenye kundi la familia: "Mzee wetu ametangulia, apumzike kwa amani." Nikatuma. Kumbe simu yangu nimeiweka kwa Kiswidi. Kilichofika ni "apumzike kwa Armani."

Armani, jamani! Mzee wa msuli na kandambili maisha yake yote! Kundi zima kimya, kisha binamu akauliza suti ni nyeusi au ya bluu. Shangazi, mfiwa mwenyewe, akatuma sauti anacheka huku analia.

Nimelifikiria sana. Kidole kingeteleza nikaandika "amnai", nani angecheka? Macho yangelirekebisha yenyewe na kupita. Lakini simu haiachi neno bovu. Ikikuta neno lisilomo kwenye kamusi yake, inatafuta linalokaribiana nalo na linaloandikwa sana, inalipachika. Amani na Armani zinatofautiana herufi moja tu. Ndiyo maana kosa la simu huwa ni neno kamili, limenyooka, lina maana yake. ("Kaka" haligusi kabisa, maana kwa Waswidi ni keki!)

Halafu angalia lilipoangukia. Ukisoma "apumzike kwa" tayari unajua kinachofuata. Kwenye orodha ya nguo Armani isingemshtua mtu. Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huja pale tarajio lililokaza linapogeuka ghafla kuwa si kitu. Mimi nampinga kidogo. Hapa halikugeuka kuwa si kitu, liligeuka kuwa mzee ndani ya suti, na unamwona kabisa! Na "amani" bado unaisikia chini yake, kwa hiyo hakuna aliyedhani nimemkejeli marehemu.

Pasipo hilo la mwisho hakuna kicheko. Mzee alipokuwa bado hospitali, binamu yetu wa London aliongea na daktari kwa simu, akawaandikia walioko nyumbani waende kumwona saa nne. Simu yake ya Kiingereza ikageuza "nne" kuwa "nine". Nasi tunavyochanganya lugha, watu wakaelewa saa tisa. Walipofika, daktari alishaondoka. Herufi moja vilevile, lakini hapo saa yoyote ingewezekana, kwa hiyo "nine" ilikaa vizuri na hakuna aliyeona kosa mpaka limeshaumiza. Hadi leo hatuitanii hiyo.

Nimeshaongeza Kiswahili kwenye simu. Nilitaka pia kuifuta ile meseji ya rambirambi, shangazi akanikatalia. Anasema huwa anairudia usiku usingizi ukimkataa.