Milioni nane na deni la nyumba

Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Kange, wenye mkopo wa nyumba hushauriwa mambo matatu ambayo yanawaumiza.

"Ukilipa zaidi, benki itakuhurumia siku ukikwama." Si kweli, na dai hili ndilo la hatari kuliko yote. Chukua mfano wa mtumishi aliyekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 inayotozwa kwenye salio, kwa miaka 15. Rejesho lake ni kama 881,000 kwa mwezi. Baada ya miaka mitatu ameshalipa karibu milioni 32, lakini bado anadaiwa milioni 56.3. Sasa ana akiba ya milioni 8. Akiiingiza yote kwenye deni, atamaliza miezi 45 mapema. Ila mwezi ujao rejesho ni lile lile 881,000. Mshahara ukikatika, zile milioni 8 hazirudi, na benki ina haki ya kumpa notisi ya siku 60 chini ya Sheria ya Ardhi, kisha hatua za kuuza nyumba zifuate. Kilichomponyoka ni fedha taslimu, ambayo ndiyo ingelipa marejesho hayo.

"Basi ziache benki zizae." Hapana. Hata akipata amana ya muda maalumu ya asilimia 10, kodi ya zuio huchukua sehemu ya kumi ya riba hiyo, anabaki na 9, huku deni likimla 16. Akiba yote isikae tu.

"Kulipa nusu ni kupoteza muda." Hesabu inakataa. Akilipa milioni 4 tu, muda unapungua karibu miezi 26. Milioni 4 za pili zinapunguza 19 tu. Nusu ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Milioni 4 zinazobaki zinatosha marejesho matatu, na takribani 450,000 za chakula na umeme kila mwezi. Asiye na ajira ya kudumu, kama mvuvi au mfanyabiashara wa sokoni, aweke zaidi ya hapo kabla ya kugusa deni.

Mwenye mkataba wa murabaha asifuate hesabu hii, kwa kuwa bei yake ilishapangwa. Aulize kwanza kama kulipa mapema kunampa punguzo, na apewe jibu kwa maandishi.

Kwa wengine, nendeni na barua inayosema fedha zipunguze deni la msingi na muda ufupishwe. Bila barua, benki inaweza kuzihesabu kama marejesho ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kutozwa kwenye salio lile lile. Ulizeni pia kama kuna ada ya kulipa mapema. Wiki moja baadaye ombeni taarifa ya mkopo: salio la deni la msingi lisiposhuka kwa milioni 4 kamili, rudini kaunta siku hiyo hiyo.