Njugu Kwenye Mkeka wa Shughuli: Tuache Kusema "Imeshashuka"



Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunazungumzia ile sahani ya njugu za chumvi inayowekwa katikati ya mkeka, watoto wakiwa wanatambaa pembeni yake. Tunajua wapo watakaotukasirikia. Na wakasirike.

Tulivuka kwenda Saadani kumvisha bibi harusi. Alasiri wanawake wamejaa uani, ngoma inalia, sahani zinazunguka. Mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane alichota njugu akajaza mdomo, akakimbia. Shangazi yake akamdaka na kumtekenya. Mtoto akacheka, akavuta pumzi kwa nguvu, na hapo hapo akapaliwa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi, uso ukawa mwekundu, midomo ikaanza kuwa meusi. Huyu anampiga mgongoni, yule anamnywesha maji. Baada ya kama dakika mbili kikohozi kikakatika. Mtoto akalia kidogo, akanyonya, akarudi kucheza.

Somo wa bibi harusi akamwambia mama yake, "Mwanangu, imeshashuka hiyo. Mshukuru Mungu." Tukashukuru wote, na sisi tukiwamo. Hatujitoi katika lawama hii.

Haikuwa imeshuka. Ilikuwa imeingia kifuani.

Mtoto wa umri ule ana meno ya mbele ya kukatia, lakini magego ya kusagia bado hayajakamilika. Njugu anaivunja vipande viwili, haisagi. Akicheka, akilia au akikimbia, anavuta hewa na kipande kinafuata hewa. Kikishapita kooni kinateremka kwenye bomba la hewa mpaka pale linapogawanyika matawi mawili, moja la kila pafu. Mara nyingi huingia tawi la kulia, maana ni pana zaidi na limenyooka zaidi, ingawa la kushoto nalo halisalimiki. Tawi lenyewe kwa mtoto mdogo ni jembamba kuliko kalamu ya wino.

Sasa sikilizeni sehemu inayotudanganya. Kipande kikikwama mahali pamoja, ile ngozi laini ya ndani huchoka kustuka, na kikohozi kinanyamaza. Kimya hicho chaweza kuwa cha saa chache, siku kadhaa, hata wiki. Mtoto anakula, anacheza, analala. Sisi tunaita kupona. Kumbe ndio wakati ambao njugu bado ngumu, bado nzima, na ndio wakati mwepesi zaidi wa kuitoa. Tunaupoteza kwa kushangilia.

Siku ya nne mtoto akaanza kukohoa usiku, na pumzi ikitoka inapiga mluzi. Wifi akasema jicho. Jirani akasema kifua, akamsugua mafuta ya habasoda. Zahanati ya kwanza wakatoa dawa ya maji ya kikohozi. Ya pili wakasema pumu. Siku ya kumi homa ikapanda. Kote huko hakuna aliyemuuliza mama kuhusu njugu, na mama hakusema, kwa sababu sisi tulimwambia imeshashuka.

Daktari wa tatu alikuwa msichana mdogo tu. Aliweka kipimo chake kifuani upande wa kulia, akakihamishia kushoto, akarudi kulia tena. Kushoto hewa ilikuwa inaingia vizuri. Kulia ilikuwa kidogo, na mluzi ulikuwa huko tu. Akauliza, "Mama, kuna siku huyu mtoto alipaliwa ghafla?" Mama akaanza kulia kabla hajajibu.

Mlishike hili, mashoga. Pumu kwa kawaida hupiga mluzi pande zote mbili. Mluzi wa upande mmoja, kwa mtoto aliyekuwa mzima akapaliwa ghafla, ni kitu kimekwama mpaka ithibitike vinginevyo. Wala eksirei isiwatulize. Sisi tunaoshona tunaogopa pini, na pini ikimezwa huonekana kwenye picha. Njugu haionekani. Kinachoweza kuonekana ni pafu lililojaa hewa kupita kiasi, kwa sababu hewa inaingia kando ya njugu lakini kutoka inazuiwa. Wengine picha yao ni safi kabisa na njugu imo.

Alipelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Kazi yenyewe inaitwa bronkoskopi. Mtoto hufungishwa kula saa kadhaa kama hali inaruhusu, kisha hupewa nusu kaputi. Daktari hupitisha mdomoni bomba jembamba la chuma lenye taa mpaka ndani ya njia ya hewa, na mtoto hupumulishwa kupitia bomba hilo hilo. Koleo ndogo hupita humo humo, hukamata njugu na kuitoa. Hakuna kupasua kifua. Kisha daktari hurudi kuchungulia tena, kwa sababu vipande huwa zaidi ya kimoja.

Kwa mtoto wetu ilikuwa kazi nzito. Njugu hunyonya maji ikavimba, ikawa laini, ikamong'onyoka ikishikwa. Mafuta yake huchoma ngozi ya ndani, nayo huvimba na kutunga usaha. Siku ya kwanza kingekuwa kipande kimoja kigumu. Siku ya kumi na moja vilitoka vipande vitatu na usaha nyuma yake. Alihamdulillahi, alipona, ila alilazwa siku nyingi na sindano za dawa ya homa ya mapafu.

Tunajua majibu yenu. Mtasema nusu kaputi ni hatari kwa mtoto. Ina hatari zake, kweli, lakini hatari ya njugu inayooza pafuni ni kubwa zaidi, na kila siku inayopita inaongezeka. Mtasema bibi zetu walikula njugu. Walikula, nanyi kuleni. Mtoto chini ya miaka mitano mpeni ya kusagwa laini kwenye uji au mchuzi, asipewe punje.

Na akipaliwa, tazameni kama anakohoa kwa sauti na kulia. Kama ndiyo, mwacheni akohoe, msimnyweshe maji wala kumlisha tonge, msitie kidole mkivua msichokiona. Kama hatoi sauti na hapumui, muinamisheni mpigwe kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Ikishindikana, wa zaidi ya mwaka mmoja hubinywa tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5, na mchanga wa chini ya mwaka hubonyezwa katikati ya kifua mara 5, mkirudia huku mnakimbilia hospitali. Kikohozi kikinyamaza, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme neno hili: alipaliwa na njugu.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Sisi ngamia tumemwachia mkekani, tukasema Mungu atamlinda.

Bibi harusi, ukiandika mahitaji ya shughuli yako, ifute njugu. Weka tende uliyoitoa kokwa, weka vileja. Aliyezoea kutafuna njugu akatafune kwake.

Wassalaam.